Jina Lake Jipya Linaishi Kwa Simu Yako

Watu wengi wanadhani mtu akibadilisha jina, kazi yote ni yake. Atangaze, akumbushe, avumilie, na akiitwa lile la zamani arekebishe kwa upole. Mimi naona hiyo hesabu imepinduliwa. Jina lako wewe mwenyewe hulitumii hata. Jiulize, tangu uamke leo umejiita kwa jina mara ngapi? Labda mara moja, ukijitambulisha kwa msee wa kuleta mtungi wa gesi. Wanaolitumia jina lako ni sisi wengine, na mara nyingi tunalitumia ukiwa haupo.

Kwa hivyo leo nataka tuongee kuhusu hiyo kazi, iko wapi na inafanywa na nani. Nitatumia stori ya rafiki yangu, ambaye ameisoma kabla niipandishe hapa. Ni mwanamke transjenda. Alizaliwa akaandikwa mvulana, akalelewa kama mvulana hapa Nairobi na ushago Siaya, na miaka miwili iliyopita akaanza kuishi waziwazi kama mwanamke, akachagua jina. Nitasema alikuwa Otieno na sasa ni Atieno. Hayo si majina yake, nimebadilisha yote mawili, lakini majina yake halisi yamepishana vivyo hivyo, herufi moja ya mwanzo. Mtu akiacha jina, halafu wewe uliandike hadharani ndio stori yako inoge, umemrudisha alikotoka.

Tuanze na kuomba, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huharibu. Ukiwa umepitia mabadiliko makubwa, unataka kueleza yote. Unaandika ujumbe wa kurasa tatu: ulivyoteseka, ulivyolala bila usingizi, kwa nini hili jina na si lingine. Atieno aliandika ujumbe kama huo kwanza, halafu akaufuta. Sababu yake ilikuwa rahisi. Ukimpa mtu sababu, umempa kitu cha kubishana nacho. Atakujibu kuhusu sababu na jina litasahaulika hapo katikati.

Ule aliotuma mwishowe ulikuwa na mambo matatu tu: jina, ruhusa ya kuteleza, na kitu kimoja cha kufanya sai. Ulikuwa hivi: "Naitwa Atieno sasa, na ningependa uniite hivyo. Ukiteleza si noma, jirekebishe tu tuendelee. Ukimaliza kusoma hii, fungua simu yako ubadilishe jina ulilonihifadhi nalo." Basi. Maswali yalikuja, na aliyajibu mmoja mmoja, lakini hakuna aliyeweza kusema hakujua anaombwa nini.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo nataka muishike. Watu husema ulimi umezoea, ndiyo maana wanakosea. Sawa, lakini ulimi unakumbushwa na nini? Kila Atieno akipiga simu, kioo cha simu yako kinaandika Otieno. Kila akiongea kwa grupu la WhatsApp, wewe unasoma Otieno juu ya maneno yake, kwa sababu simu inaonyesha jina ulilomhifadhi nalo, halijali alilojiandika mwenyewe. Mara ishirini kwa siku simu yako inakufundisha jina la zamani, halafu jioni mkikutana unashangaa mbona ulimi umeteleza. Kubadilisha ni sekunde kumi. Na ukiwa ndiye unayeomba, usione haya kuomba hicho kitu kidogo mkiwa pamoja: "Hebu toa simu tubadilishe." Mtu akikataa hata hilo, ambalo hakuna anayeliona isipokuwa yeye, ashakuambia mengi bila kufungua mdomo.

Atieno hakuutuma ujumbe kwa kila mtu siku moja. Alianza na watatu: dada yake mdogo, rafiki mmoja wa shule ya upili, na mimi. Tulikaa na jina kama wiki mbili, tukilizoea, kabla hajawaambia wengine. Faida yake niliiona baadaye. Alipowaambia wale wengine kumi na watano wa kikundi chetu, tayari kulikuwa na midomo mitatu inayosema Atieno bila kusitasita. Mtu akisikia jina geni kutoka kwa mwenyewe pekee, analisikia kama ombi. Akilisikia likitumiwa na watu watatu katikati ya stori za kawaida, kama "si Atieno alisema atakuja na viazi?", analisikia kama jina.

Sasa kurekebisha. Sheria ya Atieno ni moja: marekebisho yawe madogo kuliko kosa. Mtu akisema, "Otieno, nipitishie maji," anajibu, "Atieno. Baridi ama ya kawaida?" Amelisema jina mara moja, sauti ya kawaida, na mara hiyo hiyo amerudisha mazungumzo pale yalipokuwa. Hilo swali la pili ndilo linafanya kazi. Ukisema jina halafu unyamaze, umefungua shimo katikati ya meza na kila mtu atageuka kuangalia. Ukiendelea, aliyekosea ana njia ya kutokea bila aibu, na jina sahihi limeshasikika.

Upande wa pili nao una kazi yake. Ukikosea, sema jina sahihi uendelee. Usianze, "Woi, nisamehe, mimi ni mtu mbaya, sijui nina shida gani." Manze, hapo umemfanya Atieno akubembeleze. Alikuwa amekaa anakula chapati yake, sasa ana kazi ya kukuambia wewe si mbaya, wakati ndiye aliyeitwa vibaya. Hiyo radhi ndefu inachosha kuliko kosa lenyewe, na ndiyo hufanya watu kama yeye waache kurekebisha kabisa. Wanaona bei ni kubwa.

Kuna mtego mwingine ambao sisi tunaoongea Kiswahili hatuuoni. Kiswahili kimetusaidia pahali pamoja: "alikuja", "anakula", "ataenda" hakuna mwanamke wala mwanamume humo ndani. Wenye lugha nyingine wanagombana na viwakilishi kila siku, sisi hilo tulisamehewa. Lakini jinsia imejificha kwa yale maneno mengine tunayotupa ovyo: buda, braza, kaka, chali yangu. Na kwao kina Atieno, "omera". Unaweza kulishika jina vizuri kabisa halafu ukamaliza na "fiti sana buda." Kwa hivyo ukimrekebishia ulimi wako jina, rekebisha na hayo. Binamu yake mmoja alikuwa akisema "omera" kwa kila mtu, mpaka kwa makanga asiyemjua, ikawa inamtoka tu. Atieno alimwambia akiwa peke yake, "Mimi niite nyamera." Ilimchukua muda, lakini ilishika, kwa sababu alipewa neno la kuweka mahali pa lile aliloambiwa aache. Mkataze mtu neno bila kumpa lingine, ataanza kukuita "wewe."

Tukifika nyumbani mambo yanakuwa mazito, na hapa ndipo nawaomba mtulie. Mtaani kwao mama yake Atieno haitwi kwa jina lake. Anaitwa Mama Otieno. Mama mboga anamwita hivyo, majirani wa ploti wanamwita hivyo, kwa chama ameandikwa hivyo. Atieno ndiye kifungua mimba. Kwa hivyo siku alipomwambia mama yake, "Niite Atieno," alikuwa anamwambia mama jambo lingine bila kulitaja: na wewe pia jina lako limebadilika. Mama alikuwa amebeba hilo jina zaidi ya miaka ishirini. Na yeye hakuchagua kulibadilisha.

Vijana wengi tukifika hapo tunasema, mathe hataki kuelewa. Pengine anaelewa sana. Kumwita mwanawe Atieno ndani ya nyumba ni kitu kimoja. Kuwaambia wanawake wa chama wamwite Mama Atieno ni kutangaza kwa ploti nzima jambo ambalo bado hajajua atalielezaje, na wao ndio watakaomwuliza maswali, si wewe. Atieno alifanya kitu ambacho nilikiona cha busara. Alitenganisha hayo mawili. Alimwambia, "Mama, tukiwa sisi wawili naomba Atieno. Huko nje wewe ndiye utakayeamua wakuite nani na lini." Miezi kadhaa mama alikuwa Atieno ndani, Mama Otieno nje. Halafu akaanza kujitambulisha kwa jina la mtoto wa pili. Hiyo haikuwa ushindi wa sinema, lakini ilikuwa njia aliyoiweza, na mlango wa nyumba haukufungwa.

Nyanya naye alikuwa stori tofauti. Kwa mzee hurekebishi mbele ya watu, hata kwa ile njia fupi niliyoeleza. Ukimrudia nyanya jina mbele ya wajukuu, umemfundisha mtu mzima kama mtoto, na hapo amekosewa yeye sasa. Ujumbe ulipelekwa na shangazi, mtu ambaye nyanya humsikiliza. Na shangazi hakuanza na mambo ya jinsia. Alianza na maana ya jina. Kwa Waluo Otieno na Atieno ni jina moja kwa maana: aliyezaliwa usiku. O ni ya mvulana, A ni ya msichana. Ni kama Onyango na Anyango, Ochieng na Achieng. Kwa hivyo nyanya hakuambiwa jina alilolijua limetupwa. Aliambiwa mtoto bado ni yule wa usiku ule. Ninaambiwa alinyamaza kwa muda, halafu akasema hilo ni kweli, usiku ule yeye ndiye alikuwa ameshika taa.

Sisemi kila mtu achague jina linalofanana na la zamani. Kuna mtu ambaye jina la zamani linamuumiza, na anataka asisikie hata silabi yake. Ni haki yake. Lakini kama bado hujachagua, na una wazee unaotaka kubaki nao, jua kwamba hapa kwetu jina mara nyingi lina mwenyewe. Limebeba saa ya kuzaliwa, mvua, ama babu fulani. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba wa baba yake. Ukiacha jina kama hilo, kuna mtu anaona babu ameachwa. Kulijua hilo mapema kunakusaidia kuandaa jibu, hata kama hutabadilisha uamuzi.

Sasa, unajuaje kama mtu ameteleza ama amekataa? Tofauti inaonekana ukiangalia saa na mahali. Mtu anayeteleza huteleza akiwa na haraka, amechoka, amechangamka, ama anasimulia mambo ya kitambo. Ukimrekebisha, sentensi inayofuata iko sawa. Anayekataa hutumia jina la zamani kukiwa na watazamaji. Analivuta, analikazia, halafu anakuangalia usoni aone limefika. Ukimrekebisha, analirudia hapo hapo. Huyo usimrekebishe tena mbele ya watu, kwa sababu hicho ndicho chakula anachotafuta. Mwambie mara moja mkiwa wawili, kwa sentensi moja: "Najua unajua jina langu. Ukiniita lile lingine sitaitika." Halafu timiza. Usiitike. Si lazima ugombane na mtu anayeongea na jina ambalo halina mwenyewe.

Katikati kuna yule anayekuita "wewe" ama "huyu" miezi mitatu mfululizo, anakwepa jina lolote. Wengi humhesabu kama adui. Mara nyingi ni mtu anayeogopa kukosea. Huyo msaidie: mpe kazi inayomlazimisha kulitaja jina mara nyingi pasipo na macho ya watu. Atieno alimwomba mmoja wao amrekodie kwa orodha ya michango ya harambee, akawa anaandika jina na kulisoma. Wiki hiyo hiyo alimwita kwa jina kutoka ng'ambo ya barabara.

Na hapo kwa barabara kuna jambo ambalo si la adabu tu, ni la usalama. Kama wewe ni rafiki, usimrekebishie mtu jina kila mahali. Uliza kwanza: "Ni wapi nisilitumie?" Kwa Atieno kulikuwa na mahali pawili: kwa mwenye nyumba, na mbele ya polisi, kwa sababu kitambulisho bado kina jina la zamani. Ukiniita Atieno mbele ya afisa aliyeshika kitambulisho cha Otieno, umeanzisha maswali usiku, na si wewe utakayeyajibu. Vilevile kumwita jina la zamani kwa sauti kwenye stegi iliyojaa watu wa bodaboda kunaweza kumletea vurugu ambayo haitaisha kwa "nisamehe." Hata kumtumia pesa kwa M-Pesa kunaleta jina la usajili kwa kioo, kwa hivyo usimpe mtu mgeni nambari yake bila kumwuliza.

Kuna wale watasema, aende abadilishe kitambulisho kwanza ndiyo tumwite hivyo. Hebu tuone mnachoomba. Kubadilisha jina kisheria hapa Kenya kunaanza na hati inayoandikwa na wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka, inatangazwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, ndipo ufike kwa kitambulisho, halafu vyeti vya shule kimoja kimoja. Na lile tangazo huchapisha majina yote mawili, la sasa na la zamani, yasomwe na yeyote. Inagharimu pesa ambazo kijana wa kibarua hana. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alilazimika kulipeleka Baraza la Mitihani la Kenya mahakamani ili cheti chake cha kidato cha nne kiandikwe jina lake. Mwaka 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru baraza litoe cheti chenye jina jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hiyo ilikuwa karatasi moja tu, na ilihitaji jaji. Mdomo wako hauhitaji jaji.

Tena si eti Wakenya hatuwezi. Mwaka 1967, kitabu cha A Grain of Wheat kilipotoka, jaladani mwandishi alikuwa James Ngugi. Mwaka 1977, Petals of Blood ilitoka na jina Ngũgĩ wa Thiong'o. Alibadilika ndani, akaliacha jina alilobatizwa nalo, akaomba aitwe vingine. Nchi nzima ikajifunza, walimu wakajifunza, maktaba zikajifunza, na leo ukisema James watu watakuuliza James gani. Hakuna aliyedai kuona kitambulisho chake kwanza. Tuliweza kwa sababu tuliona mabadiliko yake yana heshima. Kwa hivyo mtu akiniambia ulimi wake ni mzito, ninamwuliza ni mzito kwa nani.

Mwisho ni hili, na nalisema kwa wale wa upande wangu, marafiki. Kipimo chako hakiko pale Atieno amekaa. Hapo kila mtu hujichunga. Kipimo ni Jumamosi jioni, yeye hayuko, mko watano mnacheza karata, na mtu anasema, "Otieno alisema atakuja kesho?" Kuna sekunde moja hapo ambapo ni rahisi kuiacha ipite, kwa sababu hasikii. Hapo ndipo unasema, "Atieno. Eeh, atakuja, saa nane," halafu unatupa karata yako. Akifika kesho, watu wanne watakuwa wamesikia jina lake mara moja zaidi, na yeye hatakuwa amefanya kazi yoyote.

Kama kuna mtu ulimwahidi utamwita jina lake jipya, na bado amehifadhiwa kwa simu yako na lile la zamani, si uko na simu mkononi sai?